Fedha za Dhamana ya Hoteli: Ziko kwa Nani, na Zafunguliwa Lini?

Mwezi huu twajibu barua ya msomaji wetu mmoja wa Mombasa, ambaye ametutaka tusilitaje jina lake. Barua yake ni ndefu, nasi tumeifupisha bila ya kuondoa lililo muhimu. Aandika hivi:

"Bwana Mhariri, mwezi wa Novemba 2025 mimi, mke wangu na mama yangu mzazi tulisafiri kwenda Umra kwa njia ya Dubai, na huko tulikaa siku nne katika hoteli ya nyota nne. Kodi ya chumba nilikwisha kuilipa kabla ya safari. Tulipofika, Jumatatu tarehe 3, karani wa mapokezi aliitaka kadi yangu ya benki, akaniambia kuwa ni kwa ajili ya dhamana ya dirhamu 200 kwa kila usiku, yaani dirhamu 800, na kwamba nitazipata nikiondoka. Ijumaa tarehe 7 tulipotoka nilidaiwa dirhamu 60 za ada ya utalii na dirhamu 45 za kufuliwa nguo. Nililipa hizo 105 kwa fedha taslimu, na karani akaniambia, 'Bwana, dhamana yako tumekwisha kuifungua.' Tulipofika Makka nilitaka kulipa shilingi 70,000 za chumba cha huko, na kadi ikakataliwa, hali najua kwamba nina shilingi 90,000 katika hesabu yangu. Ilinibidi nimwombe mama anipe akiba aliyojiwekea ya zawadi za wajukuu, jambo lililonitia aibu kubwa. Hoteli nilipoipigia simu waliniambia niulize benki yangu, na benki wakaniambia niulize hoteli. Kisha tarehe 3 Desemba fedha zikarudi zenyewe, wala hakuna aliyenieleza neno. Nataka kujua, siku zote hizo fedha zangu zilikuwa kwa nani? Ni nani aliyekuwa akizitumia? Na ilipasa nizipate lini?"

Maswali haya ni mazuri, na twaamini kuwa si yake peke yake. Watu wetu wengi husafiri siku hizi kwenda Dubai, Muskati, Jidda na Istambuli, wakakutana na jambo hili hili, nao hurudi nyumbani wakidhani wameibiwa, au wamedhulumiwa na hoteli, au benki imewala. Mara nyingi si hivyo. Lakini ili tufahamu ni nini kilichotokea, yatupasa kwanza tujue fedha zile zilikuwa wapi.

Fedha hazikutoka

Jambo la kwanza ambalo msomaji wetu hana budi kulijua ni hili: zile dirhamu 800 hazikufika hotelini hata siku moja. Wala hazikufika katika benki ya hoteli. Tangu tarehe 3 Novemba hadi tarehe 3 Desemba zilikuwa katika benki yake mwenyewe huko Mombasa, ndani ya hesabu yake mwenyewe, ila zilikuwa zimefungwa asiweze kuzigusa.

Wazee wetu waijua rahani. Mtu akikopa fedha huweka bangili au saa kwa mkopeshaji, na kitu kile hutoka mkononi mwake kikakaa mkononi mwa mwenziwe. Dhamana ya kadi hufanana na rahani kwa makusudio yake, lakini kwa namna yake si hivyo. Hapa ni kama bangili ile imebaki ndani ya sanduku lako nyumbani, ila sanduku limetiwa kufuli, na mwenye haki ya kusema "fungua" ni yule mtu wa hoteli, na mwenye ufunguo mkononi ni benki yako. Basi watu wawili mbalimbali wanahitajika ili sanduku lifunguke: mmoja wa kusema na mmoja wa kufungua. Na shida yote ya ndugu yetu imetoka hapo.

Na itazameni safari ya neno lenyewe. Karani anapoipitisha kadi katika kile kidude cha mapokezi, kidude huipelekea habari benki ya hoteli. Benki ile huupelekea mtandao wa kadi, kama Visa au Mastercard. Na mtandao huifikishia habari benki iliyotoa kadi. Swali linaloulizwa ni hili: "Je, mwenye kadi hii anazo dirhamu 800, na je, mwakubali kutuwekea?" Benki ya Mombasa hutazama hesabu, ikajibu, "Anazo, nasi tumemwekea," na pamoja na jibu hilo huleta alama fupi, kwa kawaida ya tarakimu au herufi sita, ambayo sisi tutaiita namba ya idhini. Namba hiyo huchapwa katika kile kikaratasi, karibu na maneno AUTH CODE au APPROVAL CODE. Yote haya hupita kwa muda wa kufumba na kufumbua.

Angalieni kwamba hapa hakuna malipo yaliyofanyika. Kuna swali na ahadi tu. Malipo huja baadaye, pale hoteli inapopeleka dai lake ikasema, "Sasa tupeni zile mlizotuwekea." Ikiwa dai hilo halikupelekwa, hakuna fedha itakayotoka.

Jinsi ya kutambua yaliyo zuio na yaliyo malipo

Mtu atauliza, "Nami nitajuaje kwamba fedha zimefungwa tu, wala hazikukatwa?" Dalili yake ni nyepesi. Kila hesabu ya benki ina masalio mawili. La kwanza ni salio la hesabu yenyewe, yaani fedha zote zilizomo. La pili ni salio linaloweza kutumika. Siku za kawaida masalio haya mawili ni sawa, na kwa sababu hiyo watu wengi hawajapata kuyatofautisha.

Tuchukue hesabu ya ndugu yetu. Alikuwa na shilingi 90,000. Benki yake ilizihesabu dirhamu 800 kwa shilingi 36 kila moja, ikazuia shilingi 28,800. Kwa hiyo salio la hesabu lilibaki 90,000 kama lilivyokuwa, lakini salio la kutumika likawa 61,200. Alipotaka kulipa 70,000 huko Makka, benki ilitazama lile salio la pili, ikaona halitoshi, ikakataa. Yeye alikuwa akilikumbuka lile la kwanza. Kadi haikusema uongo, wala hesabu yake haikuwa na makosa. Kila upande ulikuwa ukitazama salio lake.

Basi kanuni ni hii: likipungua lile la kutumika peke yake, hilo ni zuio. Yakipungua yote mawili, fedha zimekwisha kukatwa. Katika simu ya mkononi, benki nyingi huliweka zuio katika orodha yake mbali, chini ya neno PENDING, wala halionekani katika taarifa ya hesabu ya mwisho wa mwezi, kwa kuwa hakuna kilichoingia wala kutoka. Na kile kikaratasi cha hotelini nacho husema: kikiandikwa PRE-AUTH ni zuio, na kikiandikwa SALE ni malipo.

Tofauti hii ina faida nyingine kubwa. Zuio likifunguliwa hurudi kwa shilingi zile zile, senti kwa senti, kwa kuwa hakuna fedha iliyobadilishwa. Lakini kama hoteli ilikata fedha kweli kweli, kisha ikazirudisha, hayo ni mambo mawili mbalimbali: shilingi zimebadilishwa kuwa dirhamu kwa bei ya siku moja, kisha dirhamu zikabadilishwa kuwa shilingi kwa bei ya siku nyingine, na katika kwenda na kurudi mtu aweza kupungukiwa. Tena marejesho ya namna hiyo huchukua siku kadhaa za kazi hata yakiwa yamepelekwa bila ya kuchelewa. Kwa hiyo kabla ya kugombana na mtu yeyote, tazama kwanza ni lipi kati ya haya mawili lililokupata.

Njia tatu za zuio kuisha

Sasa twaja kwenye swali la lini. Zuio huisha kwa moja ya njia tatu, wala hakuna ya nne.

Njia ya kwanza ni kukamilishwa. Hoteli hupeleka dai la kiasi halisi ikitumia namba ya idhini ile ile ya siku ya kuingia. Lau ndugu yetu angalilipa zile dirhamu 105 kwa njia hii, benki yake ingalipokea dai la 105 lenye namba inayolingana na zuio la 800, ikalipa 105, na 695 zilizobaki zikawa huru. Hii ndiyo njia iliyo safi kuliko zote, kwa kuwa dai lenyewe ndilo linalolimaliza zuio.

Njia ya pili ni kufutwa. Hoteli hupeleka ujumbe wa kusema, "Ile idhini ya 800, yenye namba hii, hatuihitaji tena." Kanuni za mitandao mikubwa ya kadi zamtaka mfanyabiashara apeleke ujumbe huo upesi, ndani ya saa 24 tangu ajue kuwa hatazidai fedha zile. Ujumbe wenyewe husafiri kwa dakika chache. Ukiifikia benki yako ukiwa sahihi, kuna benki zinazofungua papo hapo, na kuna nyingine zinazochukua siku mbili tatu za kazi.

Njia ya tatu ni kufa kwa uzee. Idhini ina umri wake. Kwa ununuzi wa kawaida umri huo ni wa siku chache, lakini hoteli na wakodishaji wa magari wamepewa muda mrefu, kiasi cha siku 30, kwa kuwa mgeni aweza kukaa wiki kadhaa kabla ya kulipa. Muda huo ukiisha bila ya dai wala ujumbe, idhini hukosa nguvu na benki huziachia fedha. Benki nyingine hazingoji hata siku 30, bali kwa utaratibu wao wenyewe huachia baada ya wiki moja hivi, na nyingine hungoja mpaka siku ya mwisho.

Tutazame sasa tarehe za ndugu yetu. Zuio liliwekwa tarehe 3 Novemba. Fedha zilirudi tarehe 3 Desemba. Hizo ni siku 30 kamili. Wala si siku 30 tangu alipoondoka hotelini, bali tangu alipoingia. Tarehe hiyo peke yake yatueleza habari yote ambayo hakuna mtu aliyemweleza. Lau ujumbe wa kufuta ungalipelekwa tarehe 7, fedha zingalirudi karibu na tarehe 7, au siku chache baadaye. Kuja kwake siku ya thelathini tangu zuio lilipowekwa ni dalili kwamba ujumbe haukufika kamwe, na kwamba zuio lilikufa kwa uzee.

Kwa nini haukufika? Yule karani huenda hakukusudia kusema uongo. Katika hoteli nyingi, "tumekwisha kuifungua" maana yake ni kwamba katika daftari la hoteli hesabu ya chumba imefungwa na hakuna deni. Lakini kufunga daftari la hoteli si kuupeleka ujumbe kwenye benki. Hayo ni matendo mawili. La pili lataka karani aende kwenye kidude, achague kufuta, na aingize namba ya idhini na kiasi. Panapokuwa na wageni wengi mlangoni na mizigo imejaa ukumbini, jambo hilo husahauliwa kwa urahisi. Na ziko hoteli zisizolifanya hata kidogo, zikategemea kwamba zuio litakufa lenyewe.

Na fahamuni kuwa kulipa kwa fedha taslimu, au kwa kadi nyingine, ndiko kunakoliacha zuio likiwa yatima. Mgeni ajiona amelipa na mambo yamekwisha, lakini benki yake haijui habari ya fedha taslimu zilizolipwa Dubai. Vivyo hivyo akilipa kwa kadi ile ile lakini karani akafanya malipo mapya badala ya kukamilisha idhini ya kwanza. Hapo atayaona yote mawili katika simu yake, zuio la 800 na malipo ya 105, naye atadhani ametozwa mara mbili.

Kwa nini benki haikufungua

Ndugu yetu amekasirishwa na benki yake kwa kumrudisha hotelini, nasi hatumlaumu. Lakini inafaa ajue hofu ya benki. Benki ilikwisha kutoa ahadi. Ikizifungua fedha tarehe 10, naye akazitumia, kisha hoteli ikaleta dai tarehe 20 lenye namba sahihi ya idhini, benki yalazimika kulipa, na mfuko wa mteja uko mtupu. Kwa hiyo haifungui kwa neno la mteja peke yake. Yataka neno la hoteli.

Na neno lenyewe lazima lilingane. Hoteli ikisema kwa simu, "Tumemwachia mgeni wetu," karani wa benki hana la kufanya, kwa kuwa mteja mmoja aweza kuwa na mazuio matatu. Hasa mgeni akiongeza siku za kukaa, hoteli yaweza kuweka zuio jingine juu ya lile la kwanza, na huenda likawa na namba yake na umri wake. Anachokihitaji karani wa benki ni vitu vinne: tarehe ya zuio, kiasi chake kwa fedha ya nchi ile, tarakimu nne za mwisho za kadi, na namba ya idhini. Akivipata hivyo katika barua yenye jina la hoteli, aweza kulitafuta zuio hilo hasa na kulifungua kwa mkono. Bila ya hivyo, kila upande utamwelekeza mteja kwa mwenziwe mpaka siku 30 ziishe, kama yalivyomfika ndugu yetu.

Na ni nani aliyezitumia siku hizo? Hoteli haikuzipata, basi haikuweza kuzifanyia biashara. Zilibaki katika benki ya Mombasa pamoja na amana zake nyingine, kama zilivyokuwa kabla ya safari. Hasara iliyompata ndugu yetu si ya fedha kupungua, bali ni ya kuzikosa saa alipozihitaji. Na hasara hiyo twaiona ni kubwa, kwa kuwa msafiri hana jirani wa kumkopa.

Yampasayo msafiri kufanya

Siku ya kuingia, muulize karani mambo mawili: dhamana ni kiasi gani kwa jumla, na je, ni zuio au ni malipo yatakayorudishwa? Kisha kishike kile kikaratasi wala usikitupe. Watu wengi hukihifadhi kikaratasi cha malipo na kukitupa cha dhamana, hali namba ya idhini imo humo.

Siku ya kutoka, ukidaiwa kitu kidogo, sema hivi: "Tafadhali kateni kiasi hiki katika idhini ile ile ya kwanza." Kama hudaiwi kitu, au umependa kulipa taslimu, mwombe karani aifute idhini mbele yako na akupe kikaratasi cha kufuta, ambacho aghalabu huwa na neno VOID au REVERSAL. Kikaratasi hicho ndicho ushahidi wako. Neno la mdomo halitakufaa kitu mbele ya benki. Ndugu yetu lau angalikipata tarehe 7, angaliweza kukipiga picha na kuipelekea benki yake siku ile ile kutoka uwanja wa ndege.

Baada ya hapo hesabu siku. Ukiwa na kikaratasi cha kufuta, ngoja siku tatu za kazi, kisha tazama lile salio la kutumika. Kama bado, ipelekee benki yako kikaratasi hicho. Kama hukukipata, iandikie hoteli siku hiyo hiyo, wala usipige simu tu. Usiwaandikie kwamba "rudisheni fedha zangu," kwa sababu watakujibu kuwa hawanazo, nao watakuwa wamesema kweli. Waandikie kwamba waifute idhini, uitaje kwa namba yake, tarehe yake na kiasi chake, na uwaombe wakupe barua ya kuthibitisha utakayoipeleka kwenye benki. Ombi la namna hiyo hufika kwa mtu wa hesabu anayelifahamu, wala haliishii kwa karani wa mlangoni.

Na ukifika siku ya 31 tangu zuio lilipowekwa, na fedha bado hazijafunguka, hapo neno limegeuka. Muda wa kawaida wa idhini umepita, basi iandikie benki yako malalamiko rasmi, uulize idhini ile inamalizika lini, na kwa nini fedha bado zimezuiliwa. Isipokuwa hoteli iwe imeweka zuio jipya katikati, na hilo benki yaweza kukuambia, benki itakuwa na wajibu wa kukujibu yenyewe, wala haitoshi kukurudisha hotelini.

Juu ya kadi yenyewe

Limebaki jambo moja linalowahusu zaidi watu wa nyumba za Kiislamu. Wengi wetu tunajiepusha na kadi ya mkopo kwa ajili ya riba, tukatumia kadi inayokata moja kwa moja katika akiba zetu. Hilo ni jema. Lakini katika jambo hili la dhamana ndilo linalotuweka mahali pagumu zaidi. Mwenye kadi ya mkopo anapozuiliwa dirhamu 800, kinachopungua ni kiasi anachoruhusiwa kukopa, na fedha zake za chakula zimebaki salama. Sisi zinazofungwa ni fedha zenyewe: ni nauli, ni karo ya watoto, ni mchele wa mwezi.

Haimaanishi kwamba tuikimbilie riba. Hoteli nyingi za Dubai na Ghuba hukubali dhamana ya fedha taslimu, zikatoa risiti na kuirudisha noti kwa noti siku ya kutoka. Ulizeni kabla ya safari, na kama wanakubali, hiyo ndiyo njia iliyo nyepesi. Na kama hawakubali, basi fungua hesabu ndogo yenye kadi yake mbali, utie humo kiasi cha dhamana na ziada kidogo, na kadi hiyo ndiyo utakayoitoa mapokezini. Ikifungwa mwezi mzima, imefungwa yenyewe, na hesabu ya nyumbani haikuguswa. Lau ndugu yetu angalizitenga shilingi 30,000 katika kadi ya pili, basi kadi ya kwanza ingalibaki na 60,000 zilizo huru, naye angalijua tangu Mombasa kwamba chumba cha Makka cha 70,000 chahitaji nyongeza. Angalitafuta nyongeza hiyo nyumbani, asingaliitafuta ugenini.

Na wanaokodi magari wajue kuwa kwao muda ni mrefu zaidi, tena kwa sababu ya haki. Hoteli huona siku ile ile kama kuna kitu kilichovunjika chumbani. Mwenye gari hawezi kujua siku ya kurudishwa kwa gari kama umepigwa picha na kamera ya mwendo, au umepita mara ngapi katika malango ya Salik yanayotoza ada barabarani huko Dubai, kwa kuwa habari hizo humfikia baadaye. Kwa hiyo wakodishaji wengi wa huko hutangaza katika mkataba kuwa dhamana hukaa wiki mbili hadi mwezi baada ya kulirudisha gari. Huo si udanganyifu maadamu umeandikwa na umetia saini. Lakini soma ni maneno gani uliyoyatia saini, kwa kuwa baadhi yao hukata fedha kabisa kisha wakazirudisha, na hapo umri wa idhini hauna kazi tena. Hapo tarehe ya mkataba ndiyo hoja yako, na anayedaiwa ni mkodishaji mwenyewe, wala si benki.

Kwa ufupi, jibu letu kwa ndugu wa Mombasa ni hili: fedha zako zilikuwa katika benki yako, wala hakuna aliyezichukua. Ilipasa zifunguliwe ndani ya siku chache baada ya tarehe 7 Novemba, kwa ujumbe ambao hoteli ilikuwa na wajibu wa kuupeleka ndani ya saa 24, nayo haikuupeleka. Zilifunguka tarehe 3 Desemba kwa sababu ahadi ya benki ilikuwa imefikia mwisho wa umri wake. Na hapo ilipoandikwa 7 na ikawa 3 ya mwezi wa pili yake, kilichokosekana ni kikaratasi kimoja kidogo ambacho karani angalikitoa kwa dakika moja, kama angaliombwa.